Kabla ya Zoezi la Kwanza: Jinsi ya Kusoma Karatasi ya Wimbo

Sherehe ya kitaifa au ibada kubwa ya pamoja inapokaribia, kwaya kutoka wadi zote nne za Seme huitwa Kombewa kufanya mazoezi ya wimbo mmoja. Wengine hutoka upande wa Kit Mikayi, wengine hupanda kutoka Asat ufuoni mwa ziwa. Kila mmoja amelipa nauli, na siku za mazoezi ya pamoja huwa chache. Saa ya kwanza ikipotea kwa kubishana kama wimbo unarudi mwanzoni au unaendelea ukurasa wa pili, fedha za watu na muda wao umepotea.

Mara nyingi tatizo haliko kwenye sauti za waimbaji. Kila kwaya imejifunza nota zake vizuri nyumbani, ila imezipitia kwa njia tofauti na mwenzake. Moja imerudia ubeti, nyingine haikurudia. Moja imeanza kwa sauti ya F, nyingine kwa G kwa sababu mwalimu wao alikisia. Mambo haya yote yamechapishwa kwenye karatasi ya wimbo, na kiongozi wa kwaya anaweza kuyasoma kwa nusu saa akiwa na penseli, hata kabla ya kuimba nota moja.

Makala haya yanaeleza mambo manne ya kutafuta: njia ya marudio, mwendo, ufunguo wa sauti, na nguvu ya sauti. Tutatumia wimbo mmoja wa mfano wenye kurasa nne. Wimbo huu tumeubuni kwa ajili ya maelezo tu, lakini umepangwa kama nyimbo nyingi ambazo kwaya zetu hupewa.

Anza kwa kuhesabu vipimo

Kwenye karatasi ya mistari mitano, mistari ya wima hukata muziki katika vyumba vidogo. Chumba kimoja tutakiita kipimo. Katika toniki solfa, yaani ule mfumo wa herufi d, r, m, f, s, l, t ulioenezwa Afrika na wamishonari na ambao kwaya nyingi za kwetu bado zinausoma, vipimo vilevile hukatwa kwa mistari ya wima.

Andika nambari ya kipimo mwanzoni mwa kila mstari wa muziki. Ikiwa wimbo unaanza na kipande kifupi kisichojaza mapigo yote, kipande hicho hakihesabiwi. Kipimo cha 1 ni kile cha kwanza kilichojaa. Wimbo wetu wa mfano una vipimo 40. Nambari hizi ni muhimu kwa sababu kwaya moja inaweza kuwa na nakala ya mistari mitano na nyingine nakala ya solfa, na kurasa za nakala hizo hazilingani. Kiongozi akisema “ukurasa wa tatu, juu,” nusu ya watu watapotea. Akisema “kipimo cha 25,” wote watafika mahali pamoja.

Njia ya marudio

Sasa pitia wimbo wote kwa kidole bila kuimba, ukitafuta alama zinazokurudisha nyuma. Ya kwanza ni mstari wa wima mnene wenye nukta mbili kando yake. Nukta zikitazama kulia, hapo ndipo sehemu ya kurudia inapoanza. Zikitazama kushoto, rudi kwenye zile zilizotazama kulia. Kama hakuna zilizotazama kulia, rudi mwanzo wa wimbo.

Katika wimbo wetu, vipimo 1 hadi 4 ni vya kinanda peke yake. Nukta zinazotazama kulia ziko mwanzo wa kipimo cha 5, na zinazotazama kushoto ziko mwisho wa kipimo cha 12. Juu ya vipimo 11 na 12 pamechorwa mabano marefu yenye nambari 1, na juu ya vipimo 13 na 14 pana mabano mengine yenye nambari 2. Maana yake ni hii: mara ya kwanza imba kutoka 5 hadi 12, kisha rudi 5. Mara ya pili, ukifika mwisho wa kipimo cha 10, ruka 11 na 12 uende moja kwa moja hadi 13. Hapa ndipo waimbaji wengi huanguka, maana macho yamezoea kusoma kwenda mbele. Chora mshale wa penseli kutoka 10 hadi 13 na kosa hilo litapungua sana.

Alama za pili ni za maandishi. Chini ya kipimo cha 40 pameandikwa “D.S. al Fine”. Herufi D.C. humaanisha rudi mwanzo kabisa wa wimbo. Herufi D.S. humaanisha rudi kwenye alama maalum, inayofanana na herufi S iliyokatwa kwa mstari na kuwekwa nukta mbili. Neno “Fine” ni la Kiitaliano, husomwa “fi-ne”, nalo ni mwisho. Kwa hiyo, baada ya kipimo cha 40 tunaitafuta ile S. Tunaiona juu ya kipimo cha 15, mwanzo wa kiitikio. Tunaimba kiitikio tena na kusimama kwenye “Fine”, ambayo iko kipimo cha 24. Kwa desturi, mtu anaporudi kwa D.C. au D.S. hafanyi tena marudio madogo ya nukta, isipokuwa karatasi au mwongozaji ameagiza hivyo.

Andika njia nzima juu ya ukurasa wa kwanza, kwa mstari mmoja: 1 hadi 12, 5 hadi 10, 13 hadi 40, 15 hadi 24, mwisho. Kisha hesabu vipimo vinavyoimbwa. Kinanda 4, ubeti mara ya kwanza 8, ubeti mara ya pili 8, kiitikio 10, sehemu ya kati 16, kiitikio tena 10. Jumla ni vipimo 56, ingawa karatasi ina 40 tu.

Kuna marudio yasiyo na alama yoyote. Wimbo wa taifa wa Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963 kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, una beti tatu. Katika nyimbo za namna hiyo, muziki mara nyingi huchapishwa mara moja na beti zikapangwa chini yake. Karatasi haikwambii siku hiyo mtaimba beti ngapi. Hilo huulizwa mapema kwa waandaaji, na jibu huandikwa juu ya karatasi.

Pia usichanganye maneno yanayojirudia na muziki unaorudiwa. Katika kwaya ya “Haleluya” ya Handel, iliyomo ndani ya kazi aliyoitunga mwaka 1741, neno moja hutajwa mara nyingi mno. Hata hivyo, unausoma wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho bila kurudi nyuma.

Mwendo

Juu ya kipimo cha kwanza huwa kuna neno la Kiitaliano, na mara nyingi nota ndogo, alama ya usawa na nambari. “Adagio” ni polepole, “Andante” ni mwendo wa mtu anayetembea, “Moderato” ni wastani, na “Allegro” ni haraka na kwa uchangamfu. Neno peke yake halitoshi, kwani mwendo wa kutembea wa mzee si wa kijana. Nambari ndiyo hakimu: inataja mapigo mangapi huingia katika dakika moja.

Wimbo wetu umeandikwa “Andante”, kisha nota yenye kichwa cheusi na mkia, na nambari 80. Kama huna kifaa cha kupima mapigo kwenye simu, tumia saa. Nambari 80 ukiigawanya kwa 4 unapata 20, kwa hiyo piga makofi 20 katika sekunde 15. Rudia mpaka makofi yaishe pamoja na sekunde hizo bila kukimbia wala kusubiri.

Kabla ya kuiamini nambari, tazama ni nota gani imechorwa. Katika nyimbo zenye mapigo yaliyoandikwa 6 juu ya 8, nota ya mwendo huwa na nukta pembeni yake, na pigo moja hubeba nota tatu fupi. Mtu akiidharau nukta hiyo na kuhesabu kila nota fupi kama pigo, wimbo utakwenda polepole mara tatu kuliko ulivyokusudiwa. Dalili yake huonekana haraka: waimbaji wanaishiwa pumzi katikati ya sentensi.

Hatua ya pili ni kutafuta kipimo kigumu zaidi. Pitia kurasa ukitazama mahali nota zimesongamana. Katika wimbo wetu ni kipimo cha 29, ambako sauti ya tatu ina silabi nane ndani ya mapigo manne. Tamka maneno hayo, bila kuyaimba, ukipiga makofi ya 80. Yakitamkika wazi, mwendo unawezekana. Yakijikanyaga, kwaya ianze mazoezi kwa 66 na kupanda taratibu. Wanaoanza kipimo cha 1 kwa mwendo rahisi, bila kujua kuna kipimo cha 29, hulazimika kupunguza mwendo njiani, na kinanda huwaacha.

Zungushia pia alama za kubadilisha mwendo. “Rit.” ni kupunguza kidogo kidogo, na “a tempo” ni kurudi mwendo wa awali. Wimbo wetu una “rit.” kwenye kipimo cha 23. Lakini tunapita hapo mara mbili, mara ya kwanza tukielekea sehemu ya kati na mara ya pili tukielekea mwisho. Je, tupunguze mara zote mbili? Baadhi ya nakala hueleza, nyingine hunyamaza. Hilo ni swali la kumpelekea mwongozaji mapema, badala ya kuliamua mbele ya hadhira.

Ukishajua njia na mwendo, unaweza kukisia urefu wa wimbo. Vipimo 56 vyenye mapigo manne kila kimoja ni mapigo 224. Ukiyagawanya kwa 80 unapata dakika 2 na sekunde 48. Kwa mwendo wa 96, wimbo uleule ungechukua dakika 2 na sekunde 20. Waandaaji wakiwapa dakika tatu jukwaani, mnajua kwamba wimbo unatosha, lakini kuingia na kutoka lazima kufanywe upesi.

Ufunguo wa sauti

Mwanzoni mwa kila mstari wa muziki kuna shapu, yaani alama kama #, au flati, yaani alama kama b ndogo, au hakuna chochote. Alama hizi zinakuonyesha doh iko wapi. Zikiwa shapu, ile ya mwisho upande wa kulia ni te, na doh iko hatua nusu juu yake. Zikiwa flati mbili au zaidi, ile ya pili kutoka mwisho ndiyo doh yenyewe. Flati moja tu humaanisha doh ni F. Pasipo alama yoyote, doh ni C. Katika nakala ya solfa kazi hii imeshafanywa: juu kushoto pameandikwa herufi ya doh.

Thibitisha kwa kutazama nota ya mwisho ya besi. Mara nyingi itakuwa doh. Ikiwa ni la, huenda wimbo umetungwa katika ufunguo mdogo, ule wenye sauti ya huzuni. Majina ya solfa hayabadiliki, lakini wimbo utatulia kwenye la na kiongozi atoe sauti ya kuanzia akijua hivyo.

Wimbo wetu una flati moja, na besi inamalizia kwenye F katika kipimo cha 24. Kwa hiyo doh ni F. Linganisha sasa na nakala za kwaya nyingine. Kama nakala yao ya solfa inataja G, wimbo wao uko hatua nzima juu. Kwaya inayoimba bila ala inaweza kuchagua mojawapo na kuendelea. Lakini mkisindikizwa na bendi ya tarumbeta, sehemu za wapigaji zimeandikwa kwa ufunguo mmoja, na si rahisi kuzibadilisha papo hapo. Anayeulizwa kwanza ni bendi, kisha kwaya zinafuata.

Halafu tafuta mahali ufunguo unapobadilika. Kwenye kipimo cha 25 cha wimbo wetu, ile flati inafutwa kwa alama ya kisanduku kidogo chenye mikia miwili. Kuanzia hapo doh ni C. Kwenye solfa, badiliko hilo huonyeshwa kwa herufi mbili zilizoshikana: s ndogo na d kubwa. Unaiwazia nota kama s ya zamani, kisha unaiita d mpya. Sauti ni ileile, jina tu limebadilika, kwa maana C ni s ukiwa katika F.

Hatari iko kwa nota ya B. Katika F, nota hiyo ina flati na ni fa. Katika C haina flati na ni te, nayo husimama hatua nusu juu zaidi. Tuseme sauti ya pili ina B hiyo kwenye kipimo cha 26. Waliosoma nakala mpya wataipandisha, na wanaoimba kwa mazoea wataiacha chini. Utasikia mgongano mkali unaofanya watu watazamane. Mwongozaji akisikia hivyo, asimlaumu mtu kwa kukosa sikio kabla ya kuuliza kama wote wamelizungushia badiliko la kipimo cha 25. Tunaporudi 15 baada ya 40, tunarudi pia kwenye F, na ile flati inakuwa hai tena.

Nguvu ya sauti

Herufi p ni sauti ya chini, f ni sauti kubwa, na m mbele yake ni wastani: mp ni ya chini kiasi, mf ni kubwa kiasi. Zikiandikwa mbili, pp au ff, zimeongezwa uzito. Alama inayofunguka kama mdomo wa mamba ni ya kukuza sauti, na inayojifunga ni ya kuipunguza.

Herufi hizi hazipimwi kwa kifaa. Zinalinganishwa zenyewe kwa zenyewe ndani ya wimbo huo. Ndiyo maana kwanza unatafuta mwisho wa pande zote mbili: ni wapi pa chini kabisa na wapi pa juu kabisa? Wimbo wetu unaanza mp kwenye ubeti, kiitikio ni f, kipimo cha 25 ni p, na kutoka 33 hadi 40 mdomo unafunguka polepole mpaka f ya kiitikio kinachorudiwa. Hakuna ff popote. Kwa hiyo kiitikio ndicho kilele, nacho kinaimbwa mara mbili. Waimbaji wakitoa nguvu zote kwenye 15 mara ya kwanza, watafika 15 ya pili wakiwa wamechoka.

Makosa mawili hujirudia mahali hapa. La kwanza ni kukuza sauti mara tu mdomo unapoanza kufunguka. Kwenye kipimo cha 33 bado tuko p, na safari ina vipimo vinane. Mwalimu anaweza kuandika p chini ya 33, mp chini ya 35, mf chini ya 37 na f chini ya 40, ili kila mtu ajue amefika wapi. La pili ni kuharakisha sauti inapokua, na kuvuta inaposhuka. Nguvu na mwendo ni vitu viwili; mapigo hubaki 80 hadi karatasi iseme vinginevyo.

Kwaya zikiungana, p ya watu 60 si p ya watu 15. Kila kwaya ikileta p yake ya nyumbani, ubeti utakuwa mzito. Kipimo rahisi ni kwamba kila mwimbaji asikie kinanda na jirani zake wawili wakati wa p. Asipowasikia, apunguze.

Mwisho, weka alama ya jicho kwenye kila kimya kinachofuata sauti kubwa. “Haleluya” ya Handel ndiyo mfano maarufu: karibu na mwisho, kwaya yote inasimama ghafla, kisha inamalizia kwa nota ndefu za “Adagio”. Mtu mmoja aliyezoea mdundo akiendelea, sauti yake itasikika peke yake ukumbini mzima.

Mambo ya kupeleka kwenye zoezi

Kiongozi aliyefanya kazi hii atafika Kombewa na karatasi yenye nambari za vipimo, mstari mmoja wa njia, mwendo alioujaribu kwa saa, herufi ya doh na mahali inapobadilika, na kilele cha sauti. Atakuwa pia na orodha fupi ya maswali ambayo karatasi haikuyajibu: beti ngapi, “rit.” mara ngapi, bendi iko ufunguo gani.

Viongozi wa kwaya wanaoungana walinganishe mambo hayo kwa simu siku mbili tatu kabla. Wakikuta nakala moja ina vipimo 40 na nyingine ina 56, wasishangae. Huenda nakala ya pili imeandika marudio yote kwa urefu badala ya kutumia alama, na muziki wenyewe ni uleule. Wakubaliane kutumia nambari za nakala moja, na wenye ile nyingine waandike nambari hizo kwa penseli juu ya zao. Siku ya zoezi, waimbaji wote wapitie njia nzima kwa kidole mara moja, wakihesabu kimya huku kiongozi akipiga makofi. Wimbo huu wa mfano utawachukua chini ya dakika tatu, na baada ya hapo wanaweza kuanza kuimba.